12 ya nini?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina watu 14, na mwaka huu tulibaki na ziada ambayo hakuna aliyetaka kuikopa. Tukamwalika afisa mauzo wa kampuni moja inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Alikuja Jumapili mchana na karatasi yenye jedwali: mifuko miwili ya hisa, na juu ya safu ya mwisho pameandikwa "faida kwa kila kipimo cha hatari". Mfuko wa kwanza ulikuwa na 7, wa pili 12, soko lenyewe la hisa 6. Akasema jibu liko wazi, wa pili unakaribia kuuzidi wa kwanza mara mbili.

Mweka hazina wetu, mama aliyeuza vitenge Kariakoo zaidi ya miaka 20, akavua miwani, akaisogeza karatasi karibu na macho. "Mwanangu, hii 12 ni 12 ya nini?"

"Ni kipimo cha kitaalamu, mama."

Mama hakuuliza tena, lakini karatasi hakuirudisha. Nami jioni ile niliichukua nikaenda nayo nyumbani, maana swali lake ndilo swali lenyewe. (Tarakimu ninazotumia hapa nimezikata ziwe rahisi kufuata, na majina ya mifuko nimeyaacha.)

Mfuko wa kwanza, niuite Mpana, una hisa za kampuni nyingi. Ulileta asilimia 15 kwa mwaka. Wa pili, niuite Mchache, umejaza fedha kwenye kampuni tano au sita tu. Ulileta asilimia 17. Soko zima lilileta 14. Dhamana za serikali za muda mfupi, ambazo mtu anazinunua na kulala usingizi, tuseme zililipa 8. Basi kila mfuko unapimwa kwa kile ulichokuletea juu ya hiyo 8: Mpana 7, Mchache 9, soko 6. Mpaka hapo hakuna mgogoro. Mgogoro unaanza tunapouliza hizo 7 na 9 zigawanywe kwa nini.

William Sharpe, katika makala yake ya mwaka 1966 kuhusu mifuko ya Marekani, aligawanya kwa hatari yote: jinsi faida ya mfuko inavyopanda na kushuka kuzunguka wastani wake, iwe sababu ni soko au ni meneja kuchagua vibaya. Kitaalamu huitwa mkengeuko sanifu. Kwa Mpana ni asilimia 16, kwa Mchache 28, kwa soko 15. Gawanya: Mpana 0.44, soko 0.40, Mchache 0.32. Mchache, bingwa wa kwenye karatasi, umeshika mkia. Hata soko lenyewe limeushinda.

Jack Treynor alikuwa ametangulia mwaka mmoja, 1965, na yeye aligawanya kwa beta. Beta inakuambia mfuko unayumba kiasi gani soko linapoyumba. Beta ya 1 maana yake soko likishuka 10, kwa kawaida mfuko nao unashuka karibu 10. Mpana una beta ya 1. Mchache una 0.75, kwa sababu zile kampuni zake chache zina mambo yake. Soko likilia, zenyewe mara nyingine zinacheka, na kinyume chake. Gawanya 9 kwa 0.75 upate 12. Hiyo ndiyo 12 ya mama: asilimia 12 za ziada kwa kila beta moja ya hatari ya soko. Hatari iliyobaki, ile inayotokana na kampuni tano au sita zenyewe, haimo kwenye hesabu kabisa.

Sasa, Treynor hakuwa mjinga. Hoja yake ni kwamba mwenye vitu vingi mfukoni haumizwi sana na misukosuko ya kampuni moja moja, kwa kuwa moja ikianguka nyingine inainuka, na mwisho wa siku kinachobaki ni mtikisiko wa soko zima. Kwa mtu wa namna hiyo kuhesabu hatari yote ni kumtoza mfuko kosa ambalo halimfikii mwenye fedha. Nilitaka kuona kama hoja hiyo inasimama kwa tarakimu za karatasi yetu, kwa hiyo nikachanganya.

Chukua mtu mwenye asilimia 80 ya fedha zake kwenye soko zima, akaongeza 20 kwenye Mchache. Faida yake inapanda kutoka 14 hadi 14.6. Hatari yote ya mchanganyiko inatoka 15 na kuwa 15.1 tu. Yaani umeingiza mfuko unaoyumba kwa 28 na fedha zako hazikuhisi karibu chochote, kwa sababu unayumba kwa mwendo wake peke yake. Kipimo cha Sharpe cha mchanganyiko mzima kinakuwa 0.44, kutoka 0.40. Kwa mtu huyu Mchache ni kitoweo kizuri.

Geuza sahani. Asilimia 80 Mchache, 20 soko. Faida ni 16.4, lakini hatari imeruka hadi karibu 24, na kipimo kimeshuka hadi 0.35. Mfuko ni uleule, meneja ni yuleyule, na 12 yake haijabadilika hata nukta. Kilichobadilika ni sehemu ambayo mfuko huo unashika kwenye fedha za mnunuzi.

Hapo ndipo lawama yangu kwa afisa ilipo. Kikundi chetu hakina kitu kingine zaidi ya akaunti ya benki. Tungeufuata ushauri wake, Mchache ungekuwa ndio uwekezaji wetu wote wa hisa. Mtu anayeuliza "niweke wapi akiba yangu" apewe namba ya hatari yote, na mtu anayeuliza "niongeze nini juu ya nilivyonavyo" ndiye apewe namba ya hatari ya soko. Afisa hakutuuliza tuna nini. Alikuwa na namba mbili za kuchagua, akaleta ile inayouza.

Kuna njia nyepesi ya kukamata ujanja huo hata kama umepewa namba moja tu. Kwa mifuko iliyotawanya fedha vizuri, vipimo hivi viwili hupanga mstari uleule, kwa kuwa karibu hatari yake yote ni ya soko. Vikipingana, ujue mmojawapo una mzigo mkubwa usiotokana na soko. Kwa Mpana, soko linaeleza karibu asilimia 88 ya kuyumba kwake. Kwa Mchache ni 16 tu. Sehemu iliyobaki, 84, ndiyo karatasi iliyoinyamazia.

Ukiwa na thamani za vipande za mwisho wa mwezi kwa miaka 3, utajihesabia mwenyewe kwenye Excel. Safu B ni faida ya mfuko kila mwezi ukishatoa ya dhamana, safu C ni ya soko vilevile:

```
=AVERAGE(B2:B37)/STDEV.S(B2:B37)*SQRT(12)
=AVERAGE(B2:B37)*12/SLOPE(B2:B37,C2:C37)
=RSQ(B2:B37,C2:C37)
```

Mstari wa kwanza ni Sharpe, wa pili Treynor, wa tatu ile sehemu inayoelezwa na soko.

Lakini mstari wa pili, kwa soko letu la Dar es Salaam, mimi siuamini sana. Beta inahitaji mambo mawili: ujue soko ni lipi, na bei ziwe zinatembea. Soko ni lipi? Fahirisi kubwa ya soko hilo, DSE, yaani namba inayofuatilia bei za hisa zote kwa pamoja, inajumlisha pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa kwetu, kama KCB na EABL, ambazo bei zao zinaamuliwa Nairobi. Fahirisi ya kampuni za ndani, TSI, haizijumlishi. Mfuko wenye hisa za CRDB, NMB na Twiga utapata beta moja kwa fahirisi hii na nyingine kwa ile, na Treynor yake itabadilika bila meneja kununua wala kuuza hata hisa moja.

La bei ni baya zaidi. Hisa kadhaa zinaweza kukaa siku nyingi bila mtu kununua, bei ikabaki ileile ubaoni. Soko limesogea, yenyewe imelala. Kwa hesabu ya beta hisa hiyo inaonekana haina uhusiano na soko, beta inashuka, na ukigawanya kwa namba ndogo unapata namba kubwa. Mfuko unapewa sifa kwa sababu hisa zake haziuziki! Kutouzika kwenyewe ni hatari, na siku utakayotaka fedha zako ndiyo utaiona. Dalili ni rahisi: pima beta kwa data za wiki, kisha kwa data za mwezi. Ikipanda sana kwenye za mwezi, bei zilikuwa zinachelewa kufika. Sharpe nayo haisalimiki kabisa, maana bei iliyolala hupunguza kuyumba pia, ila haina kigawanyo kinachoweza kukaribia sifuri kirahisi hivyo. Ukiona mtu anakupa Treynor ya mfuko wa ukwasi, ule wa amana za benki na dhamana za muda mfupi, ambao beta yake ni kama sifuri, mrudishie karatasi yake.

Na nisijifanye kwamba 0.44 dhidi ya 0.32 ni hukumu ya mahakama. Kwa miaka 3 ya data, kosa la makadirio ya Sharpe ya mwaka ni karibu 0.58 juu au chini. Tofauti yetu ya 0.12 inazama humo mara nne na ushee. Sikuwaambia wenzangu kwamba Mpana una meneja hodari kuliko Mchache, sijui hilo wala karatasi haiwezi kusema. Niliwaambia kwamba Mchache unayumba kwa 28, jambo ambalo linapimika vizuri zaidi kuliko faida, na kwamba mwenzetu mmoja ana ada za chuo mwezi wa 10.

Jumapili iliyofuata tulikubaliana sehemu kubwa iende Mpana, kidogo ibaki benki, na Mchache tusubiri. Mama mweka hazina akampigia afisa simu mbele yetu, spika ikiwa wazi, akasoma kutoka kwenye daftari lake maswali matatu: beta imepimwa kwa fahirisi ipi, kwa miezi mingapi, na mkengeuko wa mfuko ni kiasi gani. Afisa akasema atauliza ofisini kisha atarudi kwetu. Hiyo ni wiki ya tatu sasa.