Asilimia 95 Ni Sifa ya Mbinu

Ripoti nyingi za utafiti, zikitoa masafa ya kujiamini, yaani namba mbili zinazokadiria wastani uko kati ya wapi na wapi, huandika hivi: "Kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani halisi uko ndani ya masafa haya." Sentensi hiyo inapaswa kufutwa, na si kwa ajili ya ubishi wa maneno tu. Inadai jambo ambalo hesabu haikulifanya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Unataka kujua abiria wa Likoni, Mombasa, hungoja feri kwa wastani dakika ngapi asubuhi za siku za kazi. Unateua abiria 64 kwa kubahatisha, unapata wastani wa dakika 22 na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi muda wa abiria unavyotofautiana, wa 12. Gawanya 12 kwa kipeuo cha pili cha 64, ambacho ni 8; kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi wastani wa sampuli unavyoyumba kwa bahati, ni 1.5. Lizidishe kwa 2, kwa kuwa kwa asilimia 95 jedwali la t kwa digrii 63 za uhuru, yaani 64 kutoa 1, linatoa 1.998, upate 3. Masafa yako ya kujiamini ni dakika 19 hadi 25.

Wastani wa abiria wote hatuujui, lakini ni namba moja isiyosogea. Yanayosogea ni masafa, kwa sababu kila sampuli huja na yake. Ukirudia zoezi zima mara nyingi, takriban masafa 95 katika kila 100 yataunasa wastani huo. Lakini 19 na 25 zikishaandikwa, bahati imekwisha kazi yake: wastani ama umo, ama haumo. Mwanatakwimu Jerzy Neyman, aliyeijenga nadharia hii mwaka 1937, alilisisitiza hilo.

Anayebisha na ajaribu hivi. Kundi la pili linahoji abiria wengine 64, kwa utaratibu uleule, na kupata 26 hadi 32. Masafa mawili hayagusani. Kama kila moja lina uwezekano wa asilimia 95 wa kuwa na wastani uleule, jumla ni asilimia 190. Haiwezekani. Ila kwamba mbinu inayofaulu mara 95 katika 100 imezaa yote mawili, hilo linawezekana, ingawa kwa bahati tupu ni nadra sana.

Na kwa kuwa ni nadra, ukiyaona kagua ukusanyaji kwanza. Huenda kundi moja lilihoji saa moja, foleni ikiwa imefurika, na jingine saa nne. Ile 3 ya kujumlisha na kutoa inapima bahati ya uteuzi peke yake. Upendeleo wa saa haumo, na kuhoji watu 6,400 hakutauondoa. Kutabana masafa tu kuzunguka jibu lisilo sahihi.

Katika ripoti andika: "Makadirio ya wastani ni dakika 22, masafa ya kujiamini ya asilimia 95 ni 19 hadi 25, kwa mbinu ambayo katika sampuli nyingi hunasa wastani halisi mara 95 kwa 100." Wala usiseme asilimia 95 ya abiria hungoja dakika 19 hadi 25; kwa mkengeuko wa 12, wengi wako nje ya hapo. Anayetaka uwezekano wenyewe atumie njia ya Bayes, inayounganisha dhana ya awali na data, na aeleze waziwazi alidhani nini kuhusu wastani kabla ya kuhoji mtu yeyote.