Kilo 500 za shelfu ni za wapi hasa?

Ukienda kununua shelfu ya chuma, zile za kufunga na nati, muuzaji atakwambia hii inabeba kilo 500 na watu wengi tunaishia hapo, tunaanza kupatana bei. Mimi naona hapo ndo pa kuanza kuuliza, kilo 500 zipi? Maana mara nyingi hiyo namba ni ya shelfu nzima, ikiwa na mbao 5 kila ubao unabaki na kilo 100 tu, na hizo 100 zenyewe zimehesabiwa mzigo ukiwa umetandazwa sawasawa ubao mzima, sio umerundikwa sehemu moja.

Sasa wenye maduka ya steshenari nisikilizeni, maana karatasi ni mzigo unaodanganya macho. Rimu ya A4 ya gramu 80 hata huhitaji mzani, karatasi 16 za A4 zikipangwa zinatimiza mita 1 ya mraba, na hiyo mita ndo gramu 80, kwa hiyo karatasi moja ni gramu 5 na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu. Chukua ubao wa sentimita 90 kwa 45, ukilaza rimu zinakaa 3 kwa urefu na mistari 2, yaani marundo 6. Rimu moja ina unene wa kama sentimita 5, so kama nafasi mpaka ubao wa juu ni sentimita 40 kijana wa dukani atapandisha rimu 7 bila hata kufikiria, 6 mara 7 ni 42, kilo 105. Tumeshapita! Na juu bado panaonekana peupe, ya nane inaingia kwa kusukumiza na hapo uko kilo 120.

Ubao huo huo ukiweka vitabu vya saizi ya A4 vimesimama mstari mmoja unapata kama kilo 45 hivi, ndo maana mtu aliyezoea shelfu ya vitabu sebuleni akifungua duka anashangaa mbona bati limepinda. Ila vitabu vya karatasi ya kung'aa, zile za picha, vina uzito zaidi kwa hiyo hiyo hesabu ya 45 usiiamini sana.

Halafu kuna hili la katikati. Mzigo ukiuweka wote katikati ya ubao, nguvu inayoukunja inakuwa mara 2 ya ule uliotandazwa, uzito ni ule ule kabisa. Kwa hiyo kilo 100 za kwenye karatasi ya muuzaji, kwa mtu anayeweka katoni zake katikati ili pembeni pabaki pa kalamu na gundi, ni kama kilo 50. Bora ufanye kinyume, vizito karibu na nguzo, vyepesi katikati.

Za chipbodi mimi sizipendi kwa stoku, nasema wazi. Ubao wa chipbodi unaendelea kupinda taratibu hata kama hujaongeza kitu, unapanga Desemba ukisubiri shule zifunguliwe Januari, unaona uko sawa, wiki zinapita tumbo linashuka. Na fundi akikushauri akutengenezee wa sentimita 120 badala ya 90 ili kupunguza nguzo, kataa, maana ukiujaza vitabu vile vile utapinda zaidi ya mara 3 kwa sentimita 30 tu ulizoongeza, unene ukibaki ule ule.

Kujua umezidisha ni rahisi, vuta uzi kutoka mwisho mmoja wa ubao mpaka mwingine, upime katikati ubao umeshuka kiasi gani chini ya uzi. Kipimo kinachotumika sana ni sehemu 1 kwa 200, kwa sentimita 90 hiyo ni milimita 4 na nusu. Ukizidi hapo toa mzigo wote, upime tena, kama ubao haurudi ulipokuwa huo umeshachoka, usiugeuze ukadhani umepona. Angalia pia nati na zile pembe za kwenye kona, maana kuna wakati ubao ni mzima ila kona ndo zinafunguka na shelfu inaanza kuyumba, hapo hata kilo 60 ni nyingi.

Muuzaji naye aandike kwa kila ubao, na aandike kwamba ni mzigo uliotandazwa, gharama yake ni stika tu. Kabla hajaandika, wewe chukua makapeni uchore mstari kwenye nguzo usawa wa rimu ya 6, hiyo ni 36, kilo 90, kijana haitaji kujua hesabu yoyote, akifika kwenye mstari anahamia ubao mwingine.