Karatasi, chuma au kitambaa: chujio lipi kwa kahawa ipi?

"Kahawa ni ile ile ya Kilimanjaro. Nikitumia chujio la chuma inakuwa nzito na ina vumbi, nikitumia la karatasi inakuwa nyepesi kama chai. Nakosea wapi?"

Hukosei. Kahawa ya kusaga hutoa mafuta, na daima huwa na unga laini mno uliochanganyika na chenga kubwa. Karatasi huzuia karibu vyote viwili, ndiyo maana kikombe hutoka safi na uchachu wa kahawa ukasikika waziwazi. Matundu ya chuma ni makubwa: mafuta hupita, na unga laini nao hupita.

Nimejaribu nyumbani kwa gramu 15 za kahawa na gramu 250 za maji yaliyotoka kuchemka. Kikombe cha chuma kilikuwa na vitone vya mafuta juu, na ladha ikakaa ulimini muda mrefu. Lakini nusu ya pili ilikuwa chungu kuliko ya kwanza, kwa sababu ule unga uliopita uliendelea kutoa uchungu ndani ya kikombe. Niliposaga chenga kubwa kidogo, nikaacha kikombe kitulie dakika mbili na kuyaacha mashapo chini, uchungu ulipungua sana. Unga haukuisha kabisa, na hautaisha.

Karatasi nayo ina dosari yake. Usipoisuuza kwa maji ya moto kwanza, kahawa hubeba harufu ya karatasi. Na kwa kahawa iliyokaangwa sana, ambayo utamu wake uko kwenye uzito, naona karatasi inaondoa kile nilichoinunulia.

Kuna suala la afya pia. Mafuta ya kahawa yana kafestoli na kaweoli, ambazo hupandisha kolesteroli mbaya. Karatasi huzishika kwa sehemu kubwa, chuma hakizishiki. Kahawa chungu ya pwani inayochemshwa kwenye dele haichujwi kwa karatasi, kwa hiyo nayo huwa nazo. Aliyeambiwa na daktari kolesteroli yake iko juu, na anakunywa vikombe kadhaa kila siku, nadhani hana sababu ya kusita: achukue karatasi.

Kitambaa cha pamba ndicho ninachokipenda zaidi. Huzuia unga vizuri lakini huachia mafuta mengi kuliko karatasi, hivyo kikombe huwa laini na kizito bila mchanga. Tatizo ni utunzaji. Mafuta hunasa kwenye nyuzi na kuchacha. Kisuuze kwa maji ya moto bila sabuni mara tu umalizapo, kiweke ndani ya maji safi kwenye friji, na ubadilishe maji hayo kila siku. Kabla ya kukitumia tena, kinuse: kikitoa harufu ya mafuta ya zamani, kichemshe. Harufu isipoisha, kitupe. Kahawa itakayopita humo itakuwa na ladha hiyo hiyo, hata ukinunua punje bora kabisa.

Ikiwa kahawa yako ya Kilimanjaro imekaangwa kidogo, ningeanza na karatasi, nikasaga laini zaidi kidogo kabla ya kuilaumu kwa wepesi.