Naingilia Mlango wa Abiria

Jamani, leo ni wiki 7 naingia kwenye gari langu kama mwizi. Mlango wa dereva uligongwa, ukabonyea, ukagoma kufunguka. Kwa hiyo nafungua wa abiria, natanguliza mguu, naruka breki ya mkono, na kila asubuhi ile gia inanichoma mahali ambapo sitapataja. Kutengeneza siwezi, maana kampuni ya bima ilisema nisiguse kitu mpaka waamue. Nimetii. Na wao pia hawajagusa kitu.

Nimeshawaandikia mara 3. "Habari za kazi, nakumbushia tu lile dai langu." Wananijibu: "Dai lako linafanyiwa kazi." Basi nafunga simu nimeridhika, mpaka nikipanda gari na gia inikumbushe kwamba sijajibiwa chochote.

Juzi usiku uzalendo ukanishinda. Nikaandika imeili ndefu kama wosia. Nikataja ada niliyolipa miaka yote, nikataja mgongo wangu, nikawaita wanyonyaji. Mke wangu akachungulia.

"Baba Rehema, hebu niambie, ungekuwa wewe ndiye karani, hapo ungejibu nini?"

"Ningeona aibu!"

"Aibu si jibu. Umewauliza swali gani humu?"

Nikatafuta swali. Halimo! Matusi mistari 40, swali hakuna. Hata zile imeili za kukumbushia hazikuwa na swali, ndiyo maana "linafanyiwa kazi" ilikuwa inatosha kabisa.

Nikafuta yote nikaanza upya. Sikufungua imeili mpya, nilijibu juu ya ileile ya kwanza, ili atakayeifungua akishuka chini akutane na fomu, picha na ahadi zao zote zimelala mfululizo. Zile simu nilizopiga zimepotea hewani. Yule dada mwenye sauti tamu aliyeniambia "wiki hii hii" nitamthibitishaje? Siku hizi nikikata simu tu naandika: "Kama tulivyozungumza leo saa nne…" Ikiwa nimemsikia vibaya, anirekebishe kwa maandishi.

Kichwa cha habari nikaweka namba ya dai, namba ya gari na maneno "naomba uamuzi kufikia 30 Aprili". Halafu:

"Ndugu, niliwasilisha dai hili tarehe 3 Machi, na mlithibitisha kulipokea siku hiyohiyo. Mkaguzi wenu aliliona gari tarehe 9 Machi. Leo ni 20 Aprili na sijapewa uamuzi. Naomba mnijibu kwa maandishi mojawapo kati ya haya: mmekubali, na mtalipa kiasi gani, mmekataa, na kwa kifungu gani cha mkataba, au kuna nyaraka inakosekana, na ni ipi. Nisipopata jibu kufikia tarehe 30 Aprili, nitapeleka malalamiko rasmi kwenye kitengo chenu cha malalamiko, na baada ya hapo kwa mamlaka inayosimamia bima. Natanguliza shukrani."

Basi. Nilitaka kuongeza "na mtanijua mimi ni nani!" Mama Rehema akanitazama. Nikaacha, maana mimi mwenyewe sijui ni nani. Hata ile mamlaka sikuitaja kwa kutisha. Kwa kawaida ukienda kule wanakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni yenyewe, na ushahidi uko wapi. Sasa ushahidi wenyewe ndio huu, na ungeonekanaje kama ungekuwa na neno "wanyonyaji"?

Eti kesho yake asubuhi, jibu! Lenye jina la mtu! Wiki 7 niliandikiwa na "Timu ya Huduma", leo nimeandikiwa na binadamu. Anasema samahani, faili lilisimama kwa sababu fomu ya madai haina upande wa nyuma, ule wenye sahihi.

Upande wa nyuma.

Nikakimbilia kabatini. Fomu ipo, sahihi ipo, imelala kifudifudi kama nilivyoiacha. Niliskani mbele tu. Mimi! Lakini nao, wiki 7 mtu anatazama karatasi nusu na kunijibu "linafanyiwa kazi", alikuwa anaifanyia kazi gani, anaisubiri igeuke yenyewe?

Nimewatumia kwa dakika 5, nikaomba wathibitishe kwamba sasa faili limekamilika na kwamba tarehe 30 iko palepale. Wamethibitisha. Mke wangu anataka kujua zile mistari 40 za matusi nilizifuta kweli au nimeziweka mahali.

Nimeziweka. Tarehe 30 bado haijafika, na sasa hivi natakiwa kwenda kazini, naanza na mguu wa kushoto.