Mahojiano ya kuondoka kazini: lipi lisemwe mezani, lipi liandikiwe barua

“Naacha kazi baada ya miaka mitatu, na msimamizi wangu amenitesa sana. Sasa rasilimali watu wameniita kwenye mahojiano ya kuondoka. Nimwage yote au nikae kimya tu?”

Wanaoshauri ukimya wana hoja nzito. Anayekuhoji analipwa na mwajiri yuleyule unayemwacha, na anapoandika anaandika kwa ajili ya mwajiri. Usiri anaokuahidi una mipaka. Kwenye kitengo cha watu sita, maoni yasiyo na jina hujulikana ni ya nani kabla karatasi haijafika kwenye jalada. Tena ukitaja unyanyasaji, huenda akalazimika kulifikisha jambo hilo mbele hata kama umemwomba abaki nalo moyoni. Na kwako wewe faida ni ndogo: mahojiano hayo hayakurudishii siku za likizo ulizonyimwa wala hayamwondoi msimamizi kesho yake. Wakati huohuo, msimamizi huyohuyo ndiye anayeweza kupigiwa simu na mwajiri mpya anayetaka kujua habari zako.

Wanaoshauri kusema wanawatazama waliobaki. Neno la mtu mmoja hupita kama hasira za anayeondoka. Lakini watatu wakiondoka kitengo kimoja ndani ya mwaka mmoja, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wakataja jambo lilelile, idara yoyote inayolinganisha fomu zake italiona. Uzito huo haupatikani kama wawili kati ya watatu walijaza “sababu binafsi” ili waondoke kwa amani.

Kasoro ya pande zote mbili ni kuyachukulia machungu yote kuwa ya aina moja. Yapo ya uongozi mbaya: ratiba isiyotabirika, maelekezo yanayopingana, sifa za kazi yako kupewa mwingine. Hayo mahali pake ni mezani. Yapo pia ya haki kuvunjwa: saa za ziada zisizolipwa, kuguswa au kuombwa ngono, vitisho, ubaguzi. Hayo ni malalamiko rasmi, na malalamiko rasmi huandikwa kwa barua yenye tarehe, hupelekwa kwa njia iliyotajwa katika kanuni za kazi, na nakala hubaki kwako nje ya barua pepe ya ofisini, kwa sababu akaunti hiyo itafungwa siku unayoondoka. Kuyasema kwenye mahojiano pekee ni hatari. Mhoji huandika kwa maneno yake, kwa muhtasari, na mara nyingi huna nakala. Zaidi ya hapo, muda wa kufungua madai ya kazi kisheria una kikomo, na kuongea na mhoji hakusimamishi saa hiyo.

Tuseme mfanyakazi wa zamu amechoshwa na mambo mawili. Kati ya Januari na Juni ratiba yake ilibadilishwa mara 11, kila mara baada ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia. Mara nne kati ya hizo aliitwa siku ya mapumziko na hakulipwa. Akiingia na kusema “msimamizi ni mkatili, hajali watu”, mhoji ataandika kwamba kulikuwa na mgogoro wa haiba, na jambo litaishia hapo. Haiba haina mtu wa kuirekebisha. Sentensi inayofanya kazi ni hii: “Ratiba ilibadilishwa mara 11 ndani ya miezi sita, kila mara baada ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia. Nilimwandikia msimamizi tarehe 3 Machi na tarehe 20 Aprili, sikujibiwa. Ratiba ikifungwa siku tano kabla, tatizo hili linakwisha.” Hapo kuna tukio, kuna idadi, kuna juhudi aliyofanya mwenyewe, na kuna kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukibadilisha.

Zile siku nne zisizolipwa zinaenda kwa barua, pamoja na tarehe zake na nakala za ujumbe wa kumwita kazini, na kwa hakika kabla ya hesabu ya mwisho ya stahiki kufungwa. Mezani anazigusa kwa mstari mmoja tu: “Kuhusu malipo ya siku nne nimeandika barua tarehe fulani, naomba ifuatwe kupitia huko.” Haongezi neno, hata akichokozwa.

Mstari huo mmoja una maana kubwa, maana kosa baya kuliko kumwaga hasira ni kukana. Watu wengi, wakitaka kuachana kwa wema, hutia alama kwenye “nimeridhika” na kuandika kwamba mazingira ya kazi yalikuwa mazuri. Miezi michache baadaye wakidai haki yao, fomu hiyo inatolewa mezani yenye saini yao. Kukataa kujibu swali hakukufungi namna hiyo: “Swali hili naomba nisilijibu” ni jibu halali, na kwa kawaida hata mahojiano yenyewe unaweza kuyakataa kwa upole. Kwa hiyo anayechagua ukimya anyamaze kweli, asijaze ukimya wake kwa sifa za uongo.

Kuna mambo ambayo hayafai kutoka kinywani hata kama ni kweli. Usitaje wenzako waliokueleza yao bila idhini yao, kwani wewe unaondoka na wao kesho wanaingia zamu. Uvumi kuhusu maisha ya msimamizi nje ya kazi uuache. Ukitaja moja lisilothibitika, mengine yote uliyosema yanashushwa nalo. Vitisho vya mahakamani havifai pia: kama una nia ya kudai, tafuta ushauri wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria kabla ya mahojiano, na uende bila kutangaza. Uendako na mshahara utakaolipwa si lazima uvitaje. Na kurekodi kwa siri kusifanywe kabla ya kujua sheria ya ulipo inasemaje, maana kwingine ni kosa.

Muda nao una siri yake. Mahojiano mengi hupangwa siku za mwisho, pale unapongojea saini ya makabidhiano, cheti cha utumishi na malipo. Ni halali kuomba yafanyike baada ya hayo kukamilika, au kuomba maswali kwa maandishi. Ukikubali kuingia, ingia na karatasi moja yenye hoja mbili, zisizozidi tatu, na uulize mwanzoni: maelezo haya atayasoma nani, na msimamizi wangu ataona jina langu? Jibu likiwa la kusitasita, toa hoja za utaratibu tu na uache zinazoelekeza kwa mtu.

Mwishoni huletwa karatasi ya kutia saini. Isome yote. Ya kuthibitisha kwamba mahojiano yamefanyika haina neno. Yenye sentensi kwamba huna dai lolote dhidi ya mwajiri ni kitu kingine kabisa, hata kama imefungwa ndani ya fomu ileile. Hiyo omba uende nayo nyumbani. Muhtasari ukiwa umepotosha ulichosema, andika sahihisho kwa mkono pembeni, weka tarehe, kisha omba nakala. Ukinyimwa nakala, jioni hiyohiyo mtumie mhoji ujumbe mfupi kutoka barua pepe yako binafsi ukitaja hoja zako mbili kama ulivyozisema.