Ujumbe wa Kwanza Baada ya Nane Nane ya Ngongo

Jioni ya tarehe 8 Agosti, mabanda ya Ngongo yanapoanza kubomolewa, wengi wetu tunaouza korosho zilizobanguliwa huondoka Lindi na daftari lililojaa namba za simu. Wiki mbili baadaye utasikia malalamiko yale yale, kwamba watu wa maonesho hutoa namba kwa adabu tu na hawana nia ya kununua. Sikubaliani na maneno hayo. Mtu aliyepita mabanda hamsini kwa siku moja, na kuonja korosho katika matano kati ya hayo, hana namna ya kukukumbuka kwa jina la biashara yako. Anachokumbuka ni jambo alilouliza yeye mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kumkumbusha huanzia pale pale mezani, kabla hajageuza mgongo. Mwaka juzi mama mmoja mwenye duka Nachingwea alishika pakiti yetu ya nusu kilo, akaigeuza, akasema wateja wake hawawezi kuimaliza kabla korosho hazijalainika. Nilimwomba namba, nikambipu hapo hapo ili nihakikishe hatujakosea tarakimu, kisha nikamwomba ahifadhi namba yangu akiwa bado amesimama mbele yangu. Alipoondoka niliandika kando ya namba yake maneno manne: "Nachingwea, pakiti ndogo, kulainika." Nusu dakika ilitosha, lakini ningesubiri hadi usiku ningebaki na namba isiyo na sura.

Ombi la kuhifadhi namba lina sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Ukituma ujumbe wa WhatsApp kwa orodha ya matangazo, yaani ujumbe mmoja kwa watu wengi kwa mkupuo, humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyeihifadhi hapati kitu, na wewe utaona tiki moja siku nzima ukidhani amezima simu. Nimewahi kupoteza maonesho mazima kwa njia hiyo, nikiwalaumu watu ambao ujumbe wangu haukuwafikia kabisa. Hata ungewafikia, ulianza kwa "Habari ndugu mteja, tunakukaribisha", maneno ambayo kila banda lingeweza kuyatuma.

Siku hizi namwandikia kila mtu peke yake, siku ya pili au ya tatu baada ya kufunga. Usiku ule ule wa mwisho watu wako safarini au wanafungasha, na wiki ikishapita sura yako imeshachanganyika na za wengine. Yule mama nilimwandikia hivi:

"Shikamoo mama. Ni mimi wa korosho pale Ngongo, uliyeniambia kuwa za nusu kilo hulainika kabla hazijaisha. Nimefunga za gramu 250. Nikutumie mbili uzijaribu, kwa basi la Ijumaa?"

Jambo lake limo mwanzoni kabisa, kwa sababu simu ikiwa imefungwa huonyesha maneno ya mwanzo tu, na hayo ndiyo humfanya aufungue ujumbe au auache. Sikutanguliza picha wala orodha ya bei yenye kurasa sita. Vitu hivyo humpa kazi ya kusoma kabla hajakumbuka anasoma cha nani. Swali pia ni moja, na linajibika kwa neno moja hata akiwa anahudumia mteja. Wengi huandika "Naomba maoni yako kuhusu bidhaa zetu", na swali la namna hiyo humtaka mtu akae chini atunge jibu, jambo ambalo mwenye duka hana nafasi nalo. Alijibu saa mbili usiku: "Marahaba. Tuma."

Si wote hujibu hivyo. Asiyejibu namwandikia mara moja zaidi baada ya siku saba au nane, na sharti langu ni kwamba ujumbe wa pili uwe na kitu kipya kinachogusa swali lake. Mwoka keki wa Masasi, ambaye alitaka vipande badala ya korosho nzima, alinyamazia ujumbe wa kwanza. Wa pili ulimwambia kuwa tumebangua juzi na vipande vimepatikana kilo nne, akapiga simu mwenyewe. "Nakumbushia tu ujumbe wangu wa awali" humfanya mtu ajione anadaiwa, na anayejiona anadaiwa hukwepa.

Baada ya hapo nanyamaza. Namba hubaki daftarini hadi Oktoba, msimu wa korosho mpya unapoanza huku kwetu, kwa kuwa hapo nitakuwa na habari ya kumpa. Wale ambao sikuandika chochote kando ya namba zao nawapigia simu, najitambulisha, nawauliza tulizungumza nini. Kuwabunia mazungumzo ambayo hayakuwepo sithubutu.