Risiti ya duka isomwe kutoka chini kwenda juu

Swali la punguzo na VAT huwaangusha wanafunzi wengi wanaojua asilimia vizuri sana. Kosa haliko kwenye kuzidisha wala kugawanya, liko kwenye kutojua asilimia hiyo ni ya kitu gani. Kumi kwa mia ya nini? Kumi na sita kwa mia ya nini? Maoni yangu ni kwamba tungewafunza watoto wetu kusoma risiti halisi ya Nairobi kabla ya kuwapa fomula yoyote, maana risiti hiyo inajibu swali hilo waziwazi kwa mwenye kuitazama.

Tuchukue mfano mmoja tukae nao. Duka la vifaa vya umeme pale Luthuli Avenue limebandika bei ya blenda: shilingi 5,800. Kuna punguzo la asilimia 10. VAT ya Kenya ni asilimia 16. Mteja atalipa ngapi, na katika pesa hizo, ya VAT ni ngapi?

Mwanafunzi aliyezoea vitabu atakimbilia kuongeza. Atatoa asilimia 10 apate 5,220, halafu aongeze asilimia 16 juu yake apate 6,055.20. Hapo mteja amepewa punguzo na bado analipa zaidi ya bei iliyobandikwa! Hiyo peke yake ingetosha kumfanya asimamishe kalamu. Bei ya rejareja inayobandikwa Nairobi kwa kawaida tayari ina VAT ndani yake. Keshia haongezi kitu ukifika kwenye kaunta. Kwa hivyo anayolipa mteja ni 5,220, basi. Sehemu ya kwanza ya swali imekwisha.

Sehemu ya pili ndiyo yenye mtego. Wengi huchukua 5,220, wakatafuta asilimia 16 yake, wakaandika 835.20. Jibu hilo si sahihi, na sababu yake inafaa kuelezwa polepole. VAT hutozwa juu ya bei ya bidhaa kabla ya kodi. Bei hiyo tuihesabu kama mia. Ukiongeza kodi ya 16 juu yake unapata 116, na hiyo 116 ndiyo 5,220 iliyo mkononi mwa keshia. Ukitafuta asilimia 16 ya 5,220 unakuwa umeitoza kodi bei ambayo tayari imebeba kodi. Unachotakiwa kufanya ni kuirudisha bei kwenye mia yake:

```
5,220 ÷ 1.16 = 4,500
5,220 − 4,500 = 720
```

VAT ni shilingi 720. Kama unataka kuipata kwa hatua moja, zidisha 5,220 kwa 16 kisha gawanya kwa 116.

Utajuaje kwamba 835.20 ni kosa bila kuambiwa na mwalimu? Rudi nyuma. Ukitoa 835.20 kwenye 5,220 unabaki na 4,384.80. Ongeza asilimia 16 ya hiyo 4,384.80 uone kama utafika 5,220. Hufiki, unaishia 5,086.37. Lakini 4,500 ukiiongeza asilimia 16 inatua pale pale kwenye 5,220. Jaribio hili halichukui dakika moja, na ningependa mwanafunzi apewe alama kwa kulifanya, hata kama jibu lake la kwanza lilikuwa baya.

Ndiyo maana nasema risiti isomwe kutoka chini. Pale chini, karibu na ule mraba wa vidoti unaoskaniwa kuhakikisha risiti imesajiliwa KRA, kwa kawaida kuna jedwali dogo: kiasi kabla ya kodi, kiwango cha kodi, na kodi yenyewe. Kwa blenda yetu ungekuta 4,500.00, 16% na 720.00. Jumla ya 5,220 hapo juu imetokana na namba hizo mbili, 4,500 na 720. Mtoto akishaona hivyo kwa macho yake, hana tena sababu ya kutafuta asilimia 16 ya jumla.

Kuna swali ambalo huulizwa sana: je, utoe punguzo kwanza au kodi kwanza? Punguzo likiwa la asilimia, jumla haibadiliki. Blenda bila kodi na kabla ya punguzo ni 5,000. Toa asilimia 10, inabaki 4,500, ongeza VAT, ni 5,220. Anza na VAT, ni 5,800, toa asilimia 10, ni 5,220 vilevile, kwa kuwa unazidisha kwa 0.9 na kwa 1.16 kwa mpangilio wowote. Ila usitoe 10 kwenye 16 ukasema kilichoongezeka ni asilimia 6. 0.9 mara 1.16 ni 1.044, yaani ongezeko la asilimia 4.4 juu ya ile 5,000.

Mambo hubadilika punguzo likiwa la shilingi kamili. Tuseme mteja ana kuponi ya shilingi 580. Ukiitoa kwenye bei yenye kodi analipa 5,220. Ukiitoa kwenye 5,000 kabla ya kodi, inabaki 4,420, na ukiongeza VAT analipa 5,127.20. Tofauti ni shilingi 92.80, ambayo ni asilimia 16 ya 580. Hapa ndipo ninapowalaumu watunga maswali. Swali linalosema tu "alipewa punguzo la shilingi 580, VAT ni asilimia 16" halijakamilika, na mtoto hafai kunyimwa alama kwa kuchagua njia moja. Andikeni "bei pamoja na VAT" au "bei kabla ya VAT". Makadirio ya bei ya jumla kutoka maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi huandikwa bila VAT, kwa hivyo maneno hayo yana kazi hata nje ya darasa.

Kurudi nyuma kwenye punguzo kuna kosa lile lile. Ukiambiwa mteja alilipa 5,220 baada ya punguzo la asilimia 10, usiongeze asilimia 10 ya 5,220, utapata 5,742. Zile 5,220 ni asilimia 90 ya bei ya awali, kwa hivyo gawanya kwa 0.9 upate 5,800.

Na mwisho, usigawanye jumla ya risiti nzima kwa 1.16 bila kutazama kilichonunuliwa. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida hutozwa VAT ya asilimia sifuri. Risiti yenye unga wa shilingi 160 na sabuni ya 348 ina jumla ya 508. Ukiigawanya yote utasema VAT ni karibu 70, ilhali ni 48 tu, yote ya sabuni. Risiti nyingi huweka herufi kando ya kila bidhaa kuonyesha kiwango chake, na maana ya herufi hizo iko kwenye lile jedwali la chini. Tazama tarehe pia: kuanzia mwanzo wa Aprili 2020 hadi mwisho wa Desemba mwaka huo VAT ilikuwa asilimia 14, kwa hivyo risiti ya wakati huo hugawanywa kwa 1.14.